Kitana, Chanuo au Brashi: Jinsi ya Kuchagua Kinachofaa Aina ya Nywele Zako

Miongoni mwa malalamiko ambayo walaji hutuletea kuhusu bidhaa za nywele, mengi huhusu mafuta na dawa. Mlaji hueleza kwamba amenunua kopo baada ya kopo, na nywele hazirefuki. Mara chache sana mtu hulalamikia kitana chake, kwa kuwa kitana ni kitu cha bei ndogo kinachonunuliwa bila kufikiriwa. Hata hivyo, katika nyumba nyingi kitana kisichofaa ndicho kinachozikata nywele kila asubuhi, na hakuna mafuta yanayoweza kurudisha kilichokatwa. Katika sura hii tunaeleza jinsi unywele unavyokatika, jinsi ya kutambua aina ya nywele zako, chombo cha kununua, na mara ngapi kitumike.

Unywele hukatikaje?

Unywele uliokwisha kutoka nje ya ngozi hauna uhai. Hauna damu wala neva, na ukijeruhiwa haujitibu. Umefunikwa na magamba madogo sana yaliyopangwa mfano wa vigae vya paa, yakielekea nchani. Kazi ya magamba hayo ni kuukinga moyo wa unywele. Kila jino la kitana linapopita hukwaruza magamba hayo kidogo. Likipita mara nyingi mno, au likiwa na makali, magamba hubanduka na unywele hubaki mtupu kisha ukakatika.

Tofauti kubwa kati ya aina za nywele ni umbo. Unywele wa singa umenyooka, na jino la kitana huteleza juu yake kutoka shinani hadi nchani bila kizuizi. Unywele wa kipilipili umejikunja mara nyingi kama waya wa chemchemi, na si mviringo kamili bali umebanwa ubavuni. Kila penye kona pana udhaifu. Isitoshe, nywele hizo hujisokota zenyewe kwa zenyewe na kufanya mafundo. Kitana chenye meno ya karibu kinapolikuta fundo hakilifungui. Hulivuta mpaka unywele unakatika penye kona. Hii ndiyo sababu nywele za kipilipili huonekana kama hazikui. Kwa kweli zinakua, ila hukatika nchani kwa kasi ileile zinayokua shinani.

Kudondoka na kukatika ni mambo mawili

Mlaji anayeona nywele kwenye kitana hushtuka, na wakati mwingine hushtuka bure. Kwa kawaida mtu mwenye afya hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku. Hizo ni nywele zilizomaliza muda wake, na nyingine huota mahali pake. Unywele uliodondoka hivyo ni mrefu kama nywele nyingine za kichwani, na mwisho wake mmoja una kichwa kidogo cheupe. Unywele uliokatika ni kipande kifupi, hauna kichwa cheupe, na ncha zake huenda zimechanika.

Jipime hivi. Tandaza kitambaa cheupe begani kabla ya kuchana. Kama nywele ni nyeupe, tumia kitambaa cheusi. Ukimaliza, kusanya kilichoanguka na kitazame mahali penye mwanga. Ikiwa wingi wa nywele hizo una kichwa cheupe, kitana chako hakina kosa. Ikiwa wingi wake ni vipande vifupi, kosa liko kwenye chombo, kwenye namna ya kuchana, au kwenye vyote viwili.

Tunaongeza neno kwa wanaosuka. Mtu aliyekaa na misuko wiki sita, yaani siku 42, hakuchana katika muda huo wote, na nywele zilizodondoka zilibaki zimenaswa ndani ya msuko. Kwa hesabu ya nywele 50 hadi 100 kwa siku, atakapofumua atatoa nywele kati ya 2,100 na 4,200 kwa mara moja. Donge hilo linatisha machoni, lakini likiwa na vichwa vyeupe si dalili ya ugonjwa, wala si sababu ya kumlaumu msusi. Jambo la kuripotiwa kwa mganga ni upara wa mabaka, nywele kupungua kwenye paji la uso, au ngozi yenye vidonda na usaha.

Tambua aina ya nywele kabla ya kununua

Osha nywele, usipake kitu, ziache zikauke zenyewe. Chukua unywele mmoja uliodondoka, uweke juu ya karatasi nyeupe bila kuuvuta. Ukilala umenyooka, una nywele za singa. Ukifanya umbo la mawimbi bila kufunga duara, ni nywele za mawimbi. Ukijikunja kuwa maduara, linganisha duara lake na penseli ya kawaida: duara pana kuliko penseli ni nywele za kujikunja, na duara lililo sawa na penseli au dogo zaidi ni nywele za kipilipili. Kichwa kimoja kinaweza kuwa na aina mbili. Kisogoni mara nyingi nywele hujikunja zaidi kuliko utosini. Katika hali hiyo chagua chombo kinachofaa zile zilizojikunja zaidi.

Nywele za kipilipili na za kujikunja

Kwa nywele hizi chombo cha kwanza ni vidole, na cha pili ni chanuo lenye meno mapana. Tunapendekeza kipimo ambacho kila mtu anacho nyumbani. Njiti ya kiberiti ina unene wa karibu milimita 2. Ingiza njiti mbili pamoja katikati ya meno mawili ya chanuo. Zikipita bila kubanwa, nafasi hiyo inatosha kuanzia. Kwa nywele nene zenye maduara madogo kabisa, tafuta nafasi ya njiti tatu. Chanuo lenye meno marefu yaliyosimama, lile linalotumiwa kuinua afro, ni la kuinulia nywele zilizokwisha kufunguliwa mafundo. Si la kufungulia mafundo.

Nywele hizi zisichanwe zikiwa kavu. Zinyunyizie maji mpaka ziwe na unyevu, kisha paka kilainishi au mafuta ili jino lipate kuteleza. Gawanya kichwa mafungu manne au zaidi. Shika fungu moja kwa mkono katikati, ili mvuto usifike kwenye ngozi, kisha anza kuchana nchani kwa urefu wa vidole viwili. Fundo likifunguka, panda juu kidogo, na uendelee hivyo mpaka shinani. Anayeanza shinani huyasukuma mafundo yote nchani, yakakusanyika kuwa fundo moja kubwa lisilofunguka.

Mara moja kwa wiki, siku ya kuosha au ya kufumua, inatosha. Siku nyingine zitengeneze kwa vidole na maji, au zibaki kwenye mabutu na misuko isiyobana. Brashi ya manyoya laini inaweza kutumika kulainisha nywele za pembeni zinapofungwa, lakini isipitishwe katikati ya nywele zilizoachwa wazi.

Nywele za singa na za mawimbi

Nywele za singa hupata faida kutoka kwa brashi ambayo nywele za kipilipili hazipati. Mafuta ya asili yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hushuka kwa urahisi kwenye unywele ulionyooka, na brashi huyasaidia kufika nchani. Chagua brashi yenye mto wa mpira na meno yanayorudi nyuma yakisukumwa. Kuchana mara moja au mbili kwa siku kunatosha: asubuhi, na usiku kabla ya kulala.

Yapo maneno ya zamani kwamba nywele zipigwe brashi mara 100 kila usiku ili zing'ae na kurefuka. Hatuyapendekezi. Urefu huamuliwa ndani ya ngozi, si na brashi, na mapigo 100 huongeza tu idadi ya mikwaruzo kwenye magamba. Acha pale ambapo brashi imepita kutoka juu hadi chini bila kunasa.

Unyevu hapa una hukumu tofauti. Unywele wa singa uliolowa hunyumbulika kupita kiasi na hukatika ukivutwa na brashi. Baada ya kuoga, kausha kwa kubonyeza taulo bila kusugua, subiri unyevu upungue, kisha tumia kitana cha meno mapana kwanza na brashi baadaye. Nywele za mawimbi ziko katikati ya pande mbili: zichanwe kwa kitana cha meno mapana zikiwa na unyevu na kilainishi, na zisipigwe brashi zikiwa kavu kwa kuwa mawimbi yatatawanyika na kutimka.

Nywele zilizolainishwa kwa dawa

Dawa ya kulainisha hunyoosha unywele kwa kuvunja viungo vinavyoshikilia mkunjo wake. Unywele hunyooka, lakini hupoteza sehemu ya nguvu zake. Kwa hiyo usidanganywe na umbo: unaonekana kama singa, lakini hauwezi kustahimili brashi kama singa. Tumia kitana cha meno mapana mara moja kwa siku, ukianzia nchani. Sehemu ya kuangaliwa sana ni pale nywele mpya za kipilipili zinapokutana na nywele za zamani zilizonyooka. Hapo unywele una maumbo mawili na hukatika kwa urahisi. Kadiri wiki zinavyopita tangu dawa ilipowekwa, ndivyo mkono unavyopaswa kuwa mwepesi.

Tena, usikwangue wala usichane ngozi ya kichwa kwa kitana siku ya kuweka dawa. Mchubuko usioonekana kwa macho hutosha kuipa dawa njia ya kuunguza.

Kagua kabla ya kulipa

Vitana vingi vya plastiki hutengenezwa kwa kumimina plastiki ya moto katika kalibu ya vipande viwili. Mahali vipande hivyo vinapokutana hubaki mstari mwembamba uliotokeza, ambao kwa unywele ni kama msumeno. Pitisha ukucha kwenye ubavu wa jino moja kutoka juu hadi chini, kisha kati ya meno, kwenye kona ya ndani. Ukisikia ukucha unakwama, kirudishe. Unaweza pia kupitisha kitana kwenye soksi nyembamba ya nailoni: kikivuta nyuzi za soksi, kitavuta na magamba ya nywele zako. Mwisho, bonyeza meno kwenye ngozi ya ndani ya kiganja na uburute kidogo. Kinachoacha alama nyeupe za kukwaruza hakifai kichwani.

Kwa brashi, tazama vijipira vidogo kwenye ncha za meno. Vijipira vilivyogundishwa vibaya hung'oka baada ya wiki chache, na jino lililobaki ni sindano. Bana vichache kwa kucha na uvisokote. Kikitoka kimoja dukani, vingine vitatoka nyumbani. Brashi iliyopoteza vijipira haitengenezeki, itupwe.

Kuhusu vitana vinavyouzwa kama vya mbao, tafuta mishipa ya mti. Rangi ya kahawia iliyopakwa juu ya plastiki haina mishipa, au ina mishipa inayofanana kwenye kila kitana. Mbao nzuri ni laini na imefutwa vibanzi. Isiyopigwa msasa vizuri ina hatari ileile ya mstari wa plastiki.

Brashi zinazouzwa kwa sifa ya "manyoya ya asili" mara nyingi huwa za nywele za nguruwe. Jambo hili ni la msingi kwa mlaji Mwislamu, na muuzaji anapaswa kulieleza bila kuficha. Ukiwa na shaka, chomoa uzi mmoja wa brashi uliyokwisha kununua na uuchome kwa kiberiti mahali salama. Unywele wa mnyama hutoa harufu ya nywele zilizoungua na kubaki majivu yanayosagika. Nailoni huyeyuka na kuacha tone gumu. Jaribio hili hutenganisha mnyama na plastiki tu. Halikuambii ni mnyama gani. Kwa hilo, dai maelezo ya maandishi kwenye pakiti.

Vitana vya gamba la ng'amba, ambavyo zamani viliuzwa sana katika miji ya pwani, visinunuliwe kabisa. Kasa huyo yuko hatarini kutoweka, na biashara ya kimataifa ya gamba lake imepigwa marufuku. Anayesafiri nacho anaweza kunyang'anywa na kushtakiwa.

Mfano wa nyumba moja

Tuchukue mfano wa mama mwenye binti wa miaka tisa mwenye nywele za kipilipili. Kila asubuhi kabla ya shule humchana kwa kitana cha plastiki cha meno ya karibu, nywele zikiwa kavu, akianzia shinani kwa sababu muda ni mfupi. Mtoto hulia. Mama amenunua makopo matatu ya mafuta ya kurefusha nywele katika miezi sita, na nywele zimebaki urefu wa vidole vitatu.

Unywele hukua kwa wastani wa karibu sentimita 1 kwa mwezi, na wa kipilipili pungufu kidogo ya hapo. Kwa miezi sita, basi, nywele za mtoto zilipaswa kuongezeka kwa takriban sentimita 5. Zimekwenda wapi? Mama anatandaza kitambaa cheupe na kuhesabu asubuhi moja. Tuseme anapata vipande 60, na katika hivyo 48 ni vifupi visivyo na kichwa cheupe. Anapitisha ukucha kwenye jino la kitana na kuusikia mstari wa kalibu. Jawabu limepatikana, nalo halimo kwenye kopo la mafuta.

Anaacha kuchana asubuhi. Ananunua chanuo moja ambalo njiti mbili hupita kati ya meno yake. Jumamosi jioni anazilowesha nywele, anapaka kilainishi, anazigawa mafungu sita, anachana kuanzia nchani, kisha anasuka mabutu makubwa yatakayokaa wiki nzima. Kazi yote huenda ikachukua saa moja, lakini asubuhi tano za shule zimekuwa huru. Baada ya wiki nne anahesabu tena, naye ajue kwamba hesabu ya Jumamosi ina nywele za siku saba na itakuwa kubwa zaidi. Asilinganishe jumla, alinganishe uwiano. Iwapo sasa nywele nyingi zina kichwa cheupe na vipande ni vichache, njia ni sahihi. Iwapo vipande bado ni vingi, atafute sababu nyingine: misuko inayobana, mpira wa kufungia usio na kitambaa, au mto wenye foronya ya pamba kavu inayosugua nywele usiku.

Usafi na kushirikiana

Kila mtu awe na kitana chake, hasa watoto. Chawa na mapunye huenea kwa kitana kinachozunguka kichwa hadi kichwa. Ondoa nywele kwenye kitana kila baada ya kukitumia, na mara moja kwa wiki kiloweke dakika kumi katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kisha kisugue na kukisuuza. Cha mbao kisilowekwe. Kipanguswe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni na kukaushwa mara moja, la sivyo kitapasuka. Brashi yenye mto wa mpira ikaushwe meno yakitazama chini ili maji yasibaki ndani. Palipo na chawa nyumbani, vitana vya plastiki viwekwe katika maji ya moto ya nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi kwa dakika kumi. Katika saluni, una haki ya kuomba kitana kisafishwe mbele yako, au kutumia ulichokuja nacho.

Ukiuziwa kisicho sahihi

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza wafanyabiashara nchini Tanzania kutoa maelezo ya kupotosha kuhusu bidhaa. Plastiki iliyouzwa kama mbao, au manyoya ya nguruwe yaliyouzwa kama nailoni, huingia humo. Dai risiti hata kwa bidhaa ya bei ndogo, tunza pakiti yenye maelezo, na mrudie muuzaji kwanza. Asipokusikiliza, tuletee vitu hivyo vitatu pamoja: bidhaa, pakiti na risiti. Bila pakiti ni vigumu kwetu kuthibitisha ni nini hasa ulichoahidiwa.